Dawa ya kusukutua ya klorheksidini: kazi yake, siku zake, na sababu ya meno kugeuka kahawia

Katika mitaa ya Tanga mjini kuna maneno mawili yanayopingana kuhusu dawa ya kusukutua ya klorheksidini, na si ajabu kuyasikia yote mawili katika baraza moja la kahawa. Wa kwanza anasema dawa hiyo ni ya ajabu, inamaliza kila tatizo la kinywa, kwa hiyo afadhali mtu aiweke bafuni na kuitumia kila siku kama anavyotumia dawa ya meno. Wa pili anasema ni sumu, kwani jirani yake aliitumia, meno yakawa ya kahawia kama ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi, na bila shaka imeyala. Kila mmoja ameona kitu cha kweli, ila wote wawili wamekosea walipofika kwenye hukumu. Dawa hii ina nguvu kweli, lakini kwa kazi chache na kwa muda mfupi. Na inatia meno rangi kweli, lakini haiyali. Tena, na hili ndilo lisilosemwa barazani, nguvu yake na doa lake vinatokana na tabia moja ya dawa yenyewe, kiasi kwamba ni vigumu kuupata uzuri wake bila kukaribisha ubaya wake.

Kabla ya kwenda mbali, tukubaliane juu ya majina. Dawa za kusukutua zinazouzwa madukani si za aina moja. Zipo zenye mafuta ya mimea na harufu ya mnanaa ambazo kazi yake kubwa ni kuburudisha pumzi, zipo zenye floraidi kwa ajili ya kuimarisha meno, na ipo hii ya klorheksidini, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu. Anayeingia dukani na kusema tu "nipe dawa ya kusukutua" anaweza kupewa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo ni muhimu kusoma kibandiko: jina la dawa yetu huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, likianza na herufi c, h na l, na mbele yake huwa kuna kiwango, ambacho kwa kawaida ni asilimia 0.2 au asilimia 0.12. Majina mengine mawili ni ukoga na ugaga. Ukoga ni utando laini, mweupe au wa manjano, ambao ulimi huuhisi kama utelezi mtu anapoamka. Ni makazi ya bakteria, na mswaki unautoa. Ukoga ukiachwa, madini yaliyomo ndani ya mate huugandisha ukawa mgumu kama chokaa, na huo ndio ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa hata ukisuguliwa hadi fizi zitoke damu.

Klorheksidini yenyewe si dawa mpya. Ilitengenezwa Uingereza katika maabara za kampuni ya ICI mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaanza kutumika kusafishia ngozi na vidonda, na hadi leo hospitali nyingi huitumia kusafisha ngozi kabla ya upasuaji. Kinywani ilipata heshima yake mwaka 1970, pale watafiti Harald Löe na Schiött walipowaomba vijana wenye afya waache kabisa kupiga mswaki na badala yake wasukutue mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku. Katika hali ya kawaida, mtu akiacha kusafisha meno fizi zake huvimba na kuanza kutoa damu ndani ya wiki mbili au tatu. Kwa vijana wale ukoga haukujengeka na fizi zilibaki salama. Tangu hapo dawa nyingine za kusukutua hupimwa kwa kulinganishwa na hii.

Siri ya mafanikio hayo ni kubaki. Dawa nyingi za kuua vijidudu huua vilivyopo wakati zimo mdomoni, kisha hutemwa au kumezwa pamoja na mate, na baada ya nusu saa bakteria wameanza kuzaliana upya. Klorheksidini haiondoki hivyo. Chembe yake ina chaji chanya, tena pande zake zote mbili, ilhali jino, ngozi laini ya ndani ya mdomo na ganda la nje la bakteria vyote vina chaji hasi, na chaji hizo mbili huvutana. Takriban theluthi moja ya dawa aliyosukutua mtu hubaki imeshikamana na meno, ulimi na kuta za mdomo baada ya kutema, halafu huachia polepole kwa saa nyingi, hata kufikia kumi na mbili. Ndiyo maana inatumika mara mbili tu kwa siku. Wale waliokulia mashambani wanaujua ulimbo, ile gundi ya utomvu ambayo watoto huipaka kwenye tawi ili kunasa ndege: mpakaji ameshaondoka, lakini tawi linaendelea kufanya kazi. Dawa hii hufanya jino kuwa tawi la namna hiyo. Bakteria anayekuja kutua anakuta mahali pameshapakwa, ganda lake linatobolewa na vilivyomo ndani yake vinavuja. Na dawa ikiwa nyingi zaidi, vilivyomo ndani huganda na bakteria hufa hapohapo.

Lakini ulimbo hauchagui ndege. Upande mmoja wa chembe ya klorheksidini umeshika jino, na upande wa pili uko wazi ukisubiri chochote chenye chaji hasi. Bakteria wakija, utawashika bakteria. Ikija chai, utashika chai. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vingine vya aina hiyo vina tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi na ambao pia huacha alama ndani ya kikombe kisichosuguliwa. Tanini ikikutana na klorheksidini iliyokwisha kujishikiza kwenye jino, viwili hivyo huungana na kuwa masimbi ya rangi ya kahawia yasiyoyeyuka katika mate. Kila unapokunywa, tabaka jembamba huongezeka juu ya tabaka. Kwa hiyo rangi inayoonekana haitoki katika dawa, ambayo chupani mara nyingi haina rangi, au ina rangi ya waridi iliyowekwa na mtengenezaji. Inatoka zaidi katika chakula na kinywaji, na dawa ndiyo iliyoishikiza. Katika mji ambao chai ya Usambara iko jirani na kahawa chungu huzungushwa barazani kutwa, pamoja na tambuu kwa wanaoitafuna, mtu asishangae doa likija mapema.

Hapa ndipo hofu ya kwamba dawa imeyala meno inapojibiwa. Doa la klorheksidini liko juu ya jino, nje ya gamba lake gumu, na chini yake jino ni lile lile. Kuoza kwa meno ni jambo jingine kabisa: bakteria hula sukari na kutoa asidi, asidi inayeyusha gamba, na hatimaye panakuwa na tundu, hali hiyo huanza katika jino hili au lile, huchukua miezi na miaka, na haiwezi kuyapata meno yote ya mbele kwa wiki mbili. Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro wanalijua pia doa la tatu, lile linalotokana na floraidi nyingi katika maji ya kunywa. Hilo huingia ndani ya gamba wakati jino la mtoto bado linajengeka kwenye ufizi, hutoka nalo, na halisuguliki. Anayetaka kutofautisha atazame historia na mahali: doa la dawa limeanza baada ya kusukutua, limekaa zaidi karibu na mstari wa fizi, katikati ya meno na nyuma ya meno ya mbele ya chini, na mara nyingi ulimi nao umepata rangi.

Tuchukue kisa cha mfano ambacho daktari yeyote wa meno wa pwani atakitambua. Mama mmoja wa makamo wa mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, aling'olewa gego la chini lililooza hadi kwenye mizizi. Daktari alimwambia asisukutue chochote siku ile ya kwanza, na kuanzia siku ya pili atumie klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 asubuhi na mililita 10 usiku, kwa siku 7. Dukani alipewa chupa ya mililita 300. Hesabu ni rahisi: mililita 20 kwa siku, mara siku 7, ni mililita 140, kwa hiyo zaidi ya nusu ya chupa ilibaki. Kidonda kilipona vizuri. Mama akaona ni hasara kumwaga dawa ya fedha, na isitoshe alipenda ile hisia ya mdomo safi, akaendelea. Chupa ilipokwisha siku ya 15 alinunua ya pili, kisha ya tatu, na hapo alikuwa amefikisha siku 45. Kwa kuwa ladha ya dawa ni chungu na haiondoki upesi, alikuwa kila asubuhi akishatema anaisindikiza na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi.

Jambo la kwanza kubadilika halikuwa meno bali mchuzi. Nyumbani walianza kulalamika kwamba samaki wa kupaka amezidi chumvi, naye akionja anaona chumvi haijafika. Klorheksidini huvuruga kwa muda uwezo wa ulimi kutambua ladha, na ladha ya chumvi ndiyo inayopotea zaidi, hivyo mpishi anayeitumia huweza kuongeza chumvi bila kujua. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu hilo si la kuchekea. Baadaye ndipo alipoona kwenye kioo mstari wa kahawia kwenye shingo za meno, na kivuli cheusi kuzunguka ziba jeupe alilowekewa kwenye jino la mbele miaka ya nyuma. Alirudi kwa daktari akiwa na hasira iliyochanganyika na aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tazama mlivyonifanya. Gego nimeling'oa moja, sasa naona meno yote yanaoza."

"Hayajaoza, mama. Hebu kwanza niambie, ile dawa ya kusukutua uliacha lini?"

"Kuacha? Si bado naitumia."

Daktari alimpa kioo kidogo, akachukua brashi inayozunguka yenye unga wa kusugulia, akasugua jino moja tu la chini kwa muda mfupi. Jino lilitoka jeupe kama lilivyokuwa zamani. Onyesho hilo linafaa kuliko maelezo marefu, maana mgonjwa anaona mwenyewe kwamba kilichotoka ni kitu kilichokuwa kimebandikwa juu. Lakini daktari alipofika nyuma ya meno ya chini alikuta kitu kingine ambacho mama hakuwa na habari nacho: ugaga ulikuwa umeongezeka. Hilo nalo ni tabia inayojulikana ya klorheksidini ikitumika muda mrefu. Huzuia ukoga, na wakati huohuo huchangia madini ya mate kuganda kwenye meno, hivyo mtu anayeitumia ili asiende kusafishwa meno huishia kuhitaji kusafishwa zaidi.

Kisa hiki kinatufikisha kwenye swali la muda. Baada ya kung'oa jino au upasuaji mdogo wa fizi, dawa hii hutumika siku 7 hadi wiki mbili, kutegemea ukubwa wa kidonda. Kwa fizi zilizovimba, huku meno yakisafishwa kitaalamu na mswaki ukiendelea, inaweza kufika wiki nne, na huo ndio mpaka ambao mtu asiuvuke kwa uamuzi wake mwenyewe. Yapo makundi machache ambayo daktari huweza kuyaandikia kwa muda mrefu zaidi au kwa vipindi vinavyorudiwa: mtu aliyefungwa taya kwa nyaya baada ya ajali, ambaye mswaki hauwezi kupita, mwenye ulemavu au ugonjwa unaomzuia kutumia mikono, mgonjwa ambaye matibabu ya saratani yamemjaza vidonda mdomoni. Kwa hao, doa ni gharama ndogo ukilinganisha na faida. Kwa mtu mwenye mikono mizima na mswaki mkononi, hesabu inageuka.

Inageuka kwa sababu faida ya ziada kwake ni ndogo kuliko anavyodhani. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya tafiti 51 kuhusu dawa hii inapotumika pamoja na mswaki wa kawaida. Ukoga ulipungua sana, hilo halina ubishi. Lakini kwa watu wenye uvimbe mdogo wa fizi, uvimbe wenyewe ulipungua kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho watafiti walikiona hakina uzito katika matibabu, na madoa kwa waliotumia wiki nne na kuendelea yaliongezeka kwa kiasi kikubwa. Kwa lugha ya nyumbani, mtu anayepiga mswaki vizuri na kuongeza klorheksidini kila siku analipia kitu ambacho tayari anacho, na juu yake anapewa doa.

Kuna pia mahali ambapo dawa haifiki. Ikisukutuliwa, huosha kilicho juu ya mstari wa fizi na haiingii ndani ya mifuko ya fizi iliyochimbika, ambako ndiko ugonjwa mkubwa wa fizi unakoishi na ambako mfupa unaliwa. Haipenyi ukoga mzito uliokwisha kujengeka, seuze ugaga. Inafanya kazi vizuri juu ya jino lililosafishwa kwanza, ili kuzuia utando mpya. Haizibi tundu na haitulizi jino linalouma, kwa sababu maumivu hayo yanatoka ndani, kwenye neva, nyuma ya gamba ambalo dawa haivuki. Na kuhusu harufu ya mdomo, inaweza kuipunguza kwa siku hizo za kutumia, lakini ikiwa chanzo ni ugaga, jino bovu au ulimi usiosuguliwa, harufu itarudi chupa ikiisha.

Kuhusu kidonda cha jino lililong'olewa, panahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ndiko watu wengi wanakokutana na dawa hii kwa mara ya kwanza. Jino likitoka, tundu hujaa damu ambayo huganda na kuwa bonge, na bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa na mwanzo wa kupona. Kusukutua kwa nguvu katika saa 24 za kwanza, kwa dawa yoyote, hata kwa maji matupu, kunaweza kuling'oa. Baada ya hapo klorheksidini hupunguza uwezekano wa tundu kubaki tupu, lakini hata wakati huo mtu asifanye kama anayepiga gargara. Aijaze dawa mdomoni, ainamishe kichwa upande wa kidonda, aiache ikae, kisha afungue mdomo na kuiacha imwagike. Dalili ya kuangalia ni maumivu yanayoanza upya au kuzidi siku ya pili hadi ya nne badala ya kupungua, yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya na tundu linaloonekana bila damu iliyoganda. Ukiona hivyo, kuongeza idadi ya kusukutua hakutasaidia. Rudi kwa daktari alisafishe tundu na kuliwekea dawa ndani. Na asiyeweza kununua klorheksidini asijione ameachwa, kwani maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi moja, kuanzia siku ya pili, yamewaponesha wengi waliong'olewa meno bila shida.

Namna ya kutumia ina mambo mawili ambayo vibandiko huyataja kwa maandishi madogo. La kwanza ni kipimo. Watu hudhani kwamba dawa ya asilimia 0.12 ni hafifu na ya asilimia 0.2 ni kali, lakini kipimo cha kila moja kimewekwa ili kulipia tofauti hiyo. Mililita 10 za asilimia 0.2 zina miligramu 20 za dawa. Mililita 15 za asilimia 0.12 zina miligramu 18. Ni karibu sawa, ilimradi kila moja itumiwe kwa ujazo wake, mililita 10 zikiwa vijiko viwili vya chai na mililita 15 kijiko kimoja cha chakula. Ile ya asilimia 0.2 hukaa mdomoni dakika moja, ya asilimia 0.12 nusu dakika, kisha hutemwa. Haiongezwi maji isipokuwa daktari ameagiza hivyo kwa mtu ambaye mdomo unamuwasha, na haimezwi. Watoto wadogo ambao bado hawajui kutema wasipewe.

La pili ni dawa ya meno, na hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure. Kinacholeta povu katika dawa nyingi za meno ni aina ya sabuni yenye chaji hasi. Mtu akipiga mswaki na kusukutua klorheksidini papo hapo, povu lililobaki mdomoni linaikamata dawa kabla haijafika kwenye jino, vyote viwili vinabatilishana, na mtu anatema dawa yake akiamini ameitumia. Kwa hiyo piga mswaki, suuza mdomo kwa maji mengi, subiri angalau nusu saa, ndipo usukutue; wapo wataalamu wanaopendelea saa mbili. Ukishatema, usisuuze kwa maji, na usile wala kunywa kwa nusu saa nyingine. Kama asubuhi haina nafasi ya kusubiri kote huko, hamisha dawa iwe baada ya chakula cha mchana, bora mswaki na dawa visigongane.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake, hasa katika mji kama wetu. Aliyeandikiwa dawa hii akiwa amefunga hana haja ya kusukutua mchana, kwa kuwa vipimo viwili vinaweza kukaa ndani ya usiku: kimoja baada ya futari na mswaki, tuseme akirudi kutoka tarawehe, na kingine baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri. Kutokana na kule kushikamana kwake, kipimo cha alfajiri hubaki kazini sehemu kubwa ya mchana, tena bila chai ya kukutana nayo, na kwa mtazamo wa doa tupu hiyo ni ratiba nzuri kuliko ya miezi mingine. Baadhi ya dawa hizi zina alkoholi na nyingine hazina. Anayeikwepa kwa sababu ya dini, au kwa sababu vidonda vya mdomo vinamchoma, aulize dukani ile isiyo nayo, nayo hufanya kazi ileile.

Mambo ya kusimamisha dawa mara moja ni machache. Wengine ngozi laini ya ndani ya shavu huanza kubambuka na kuwaka moto. Wachache huvimba tezi za mate chini ya masikio, sura ikawa kama ya mwenye matubwitubwi, na uvimbe huisha dawa ikiachwa. Nadra zaidi, lakini hatari, ni mzio: vipele mwili mzima, midomo na uso kuvimba, pumzi kubana. Huyo hasubiri kesho, anakimbizwa hospitali, na akipona asiache kumweleza kila mhudumu wa afya, kwa sababu dawa hiyohiyo imo katika vimiminika vya kusafishia ngozi kabla ya sindano na upasuaji.

Kwa aliyekwisha kupata doa, hatua ya kwanza ni kuacha dawa ikiwa siku zake zimekwisha, na hatua ya pili ni kutolifanyia vita nyumbani. Majivu, mchanga laini, mkaa wa kusaga na ndimu ndivyo vinavyotajwa kila mahali, na hivyo ndivyo vinavyoweza kufanya kile ambacho dawa haikufanya, yaani kulikwangua au kuliyeyusha gamba la jino. Mswaki wa kawaida, au mswaki wa mti kwa anayeujua, utapunguza doa jepesi siku hadi siku. Doa lililoshika hutolewa na daktari au mtaalamu wa kinywa kwa kifaa cha kukwangulia ugaga na brashi ya kung'arisha, kazi ya mara moja isiyohitaji sindano ya ganzi, na ulimi hurudi rangi yake wenyewe.

Kinachosumbua zaidi ni ziba jeupe. Vifaa vinavyotumika kuziba meno ya mbele vina vinyweleo na kingo ambazo kwa miaka huchakaa na kuachana kidogo na jino, na doa likiingia katika mwanya huo, brashi hailifikii. Mama wa Ngamiani alitoka na meno meupe yote, isipokuwa mstari mwembamba kuzunguka ziba la jino lake la mbele. Daktari alilisugua mara ya pili, mstari ukapungua bila kuisha, akamweleza kwamba lililobaki halina madhara na kwamba akitaka liondoke itabidi ziba litolewe na kuwekwa jingine. Mwenye maziba meupe meno ya mbele amwambie daktari kabla hajaandikiwa dawa hii, maana huenda siku zikapunguzwa, au dawa ikapakwa kwa pamba mahali pa kidonda tu badala ya kusukutuliwa mdomo mzima.